Mizania na taarifa ya faida na hasara za SAP zisipolingana na fomu za OHADA: dalili, visababishi na marekebisho

Kampuni ya Kenya au Tanzania inayofuata viwango vya IFRS ina nafasi kubwa ya kuamua mistari ya mizania yake iitweje na ipangwe vipi, mradi vipengele vya lazima vionekane. Nchini Kongo nafasi hiyo haipo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo tangu 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na sheria ya uhasibu ya jumuiya hiyo, iliyopitishwa tarehe 26 Januari 2017 na kuanza kutumika kwa hesabu za kampuni moja moja tarehe 1 Januari 2018, inatoa fomu ambazo mistari yake imekwisha kuandikwa na kila mmoja umepewa herufi mbili. BI ni wateja, BS ni benki na fedha taslimu, CJ ni faida au hasara ya mwaka ndani ya mizania, XB ni jumla ya mauzo, XI ni matokeo ya mwisho ya taarifa ya faida na hasara. Kampuni haiongezi mstari wala haiondoi.

Mwongozo huu ni wa mhasibu au mtaalamu wa mfumo ambaye amejenga mpangilio wa taarifa hizo ndani ya SAP kwa `OB58`, ameutoa kwa `S_ALR_87012284`, kisha akakuta tarakimu hazikubaliani na fomu. Mifano yote ni ya kampuni ya kufikirika ya biashara ya jumla mjini Lubumbashi, na tarakimu ni mamilioni ya faranga za Kongo.

Kabla ya kuanza kutafuta kosa, hakikisha unajua mpangilio wako umejengwa juu ya namba zipi za akaunti. Kampuni tanzu ya kundi la kimataifa kwa kawaida huandika miamala katika orodha ya akaunti ya kundi, na kila akaunti ya kundi hubeba pembeni namba mbadala ya OHADA. Ikiwa mpangilio unatumia namba za OHADA lakini aliyetoa ripoti hakuchagua akaunti mbadala kwenye skrini ya uteuzi, karibu kila kitu kitaangukia kwenye tawi la `Not assigned`. Huko si kuharibika kwa mpangilio, na hakuna sababu ya kuugusa.

Dalili ya kwanza: XB inaonyesha kiasi kidogo mno kuliko mauzo halisi

Hili ndilo tatizo linalowasumbua wengi zaidi, na chanzo chake ni umbo la fomu yenyewe. Mpangilio wa SAP ni mti: kila akaunti inakaa chini ya tawi moja, na tawi la juu hujumlisha yaliyo chini yake. Taarifa ya faida na hasara ya OHADA si mti. Ni ngazi ya hesabu ambamo mstari mmoja unaweza kuhesabiwa katika jumla mbili tofauti.

Chukua mistari ya mwanzo. TA ni mauzo ya bidhaa zilizonunuliwa na kuuzwa kama zilivyo, RA ni manunuzi ya bidhaa hizo, na RB ni mabadiliko ya akiba ya bidhaa ghalani. Vitatu hivi vinatoa XA, yaani faida ya biashara ya bidhaa. Baada ya hapo zinafuata TB, mauzo ya bidhaa zilizotengenezwa, TC, kazi na huduma zilizouzwa, na TD, mapato ya ziada. Ndipo inakuja XB. Msomaji anayetazama fomu kutoka juu kwenda chini huona XA ikitangulia XB, akadhani XA ni sehemu ya XB. Sivyo ilivyo. Kanuni za fomu ni hizi, gharama zikiingia kwa alama ya kutoa:

```
XA = TA + RA + RB
XB = TA + TB + TC + TD
XC = XB + RA + RB + (TE hadi RJ)
```

Katika kampuni yetu TA ni 900, RA ni 620 upande wa gharama, RB ni 30 upande wa gharama, TB ni sifuri, TC ni 140 na TD ni 10. Kwa hiyo XA ni 250 na XB ni 1,050. Aliyejenga mti aliiweka XA kama tawi chini ya XB, na mfumo ukampa 250 jumlisha 140 jumlisha 10, yaani 400. Tarakimu hiyo haiwezi kwenda kwa mamlaka ya kodi, kwa sababu kiasi hicho hicho cha mauzo kinaonekana pia katika matamko ya kodi ya ongezeko la thamani, na tofauti ya 650 itaulizwa mara moja. Namna ya kulitambua kosa hili bila shaka ni kutoa manunuzi na mabadiliko ya akiba kutoka XB sahihi: ukipata ile tarakimu mbaya, basi XA imewekwa ndani ya XB.

Jaribio la kwanza la watu wengi ni kuweka akaunti za 701, za mauzo ya bidhaa, mahali pawili. Halisaidii, maana jumla ya chini itahesabu mauzo mara mbili na XI itaharibika. Suluhisho linalodumu ni kukubali kwamba mti ubebe mistari ya msingi tu. Jenga matawi ya TA, RA, RB, TB na kuendelea hadi RS, yote yakiwa katika kiwango kimoja chini ya tawi moja kuu la faida na hasara. Jumla za kati, kuanzia XA hadi XH, zihesabiwe nje ya mti: katika Report Painter, au katika karatasi ya Excel inayovuta tarakimu za matawi kwa herufi zake. XI peke yake ndiyo inayoweza kuachiwa mti, kwa kuwa ni jumla ya kila kitu na haimrudii yeyote. Ningeshauri pia kwamba jina la tawi lianze na zile herufi mbili, ili anayehamisha tarakimu asitegemee maelezo ya maneno ambayo hubadilika kutoka lugha moja hadi nyingine.

Dalili ya pili: CJ ya mizania hailingani na XI

Faida iliyo kwenye mizania na faida iliyo chini ya taarifa ya faida na hasara ni kitu kimoja kinachofikiwa kwa njia mbili. Kwa kuwa leja nzima ina jumla ya sifuri, tofauti kati ya hizo mbili haina pa kujificha: iko ndani ya `Not assigned`, kwa kiasi kile kile. Fungua tawi hilo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Katika kampuni yetu CJ ni 61 na XI ni 75. Ndani ya `Not assigned` kuna akaunti moja yenye debiti 14, namba 62810015, ya gharama za simu na intaneti, iliyofunguliwa mwezi Novemba. Mpangilio ulikuwa na safu kuanzia 620000 hadi 639999 chini ya RH, huduma kutoka nje, na kwa macho ya binadamu akaunti inayoanza na 628 imo ndani ya safu hiyo. Mfumo hauisomi hivyo. SAP huhifadhi namba ya akaunti yenye tarakimu tupu kwa nafasi kumi na huijaza sifuri upande wa kushoto:

```
0000620000   mwanzo wa safu
0000639999   mwisho wa safu
0062810015   akaunti mpya
```

Akaunti mpya yenye tarakimu nane iko mbali sana baada ya mwisho wa safu. Kampuni iliyoanza na akaunti za tarakimu sita na baadaye ikaruhusu nane itakutana na jambo hili katika kila daraja la akaunti. Marekebisho ya haraka ni kuongeza safu ya pili, 62000000 hadi 63999999, chini ya RH. Marekebisho ya kweli ni kuamua urefu mmoja wa namba na kuuzuia mwingine katika kikundi cha akaunti, ambako nafasi ya namba zinazoruhusiwa huwekwa.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii kwa nje lakini haiponi kwa kugusa mpangilio. Mistari miwili ya gharama haikubaliani na ukaguzi, mmoja umezidi na mwingine umepungua kwa kiasi kile kile, ilhali CJ na XI zinalingana na `Not assigned` haina kitu. Hapo angalia orodha ya akaunti ya kundi. Akaunti moja ya kundi, tuseme ya gharama nyingine za utawala, inabeba ada za washauri, ambazo OHADA huziweka daraja la 63, pamoja na ushuru wa manispaa, ambao ni daraja la 64 na mstari wa RI. Akaunti ya kundi ina namba mbadala moja tu, kwa hiyo hakuna mpangilio unaoweza kuigawa. Lazima akaunti ya kundi igawanywe mbili na miamala ya mwaka ihamishwe kwa hati ya marekebisho. Ni vizuri makao makuu ya kundi waelezwe mapema, kwa sababu mara nyingi wao ndio wenye idhini ya kufungua akaunti, na hesabu za mwaka zinatakiwa kukamilika ndani ya miezi minne baada ya mwaka kufungwa.

Dalili ya tatu: tarakimu hasi katika BS au BI

Fomu haikubali ovadrafti ionekane kama fedha taslimu zenye alama ya kutoa. Akaunti ya benki yenye debiti ni ya BS upande wa mali. Yenye krediti ni ya DR upande wa madeni. SAP inaliweza hili: akaunti ile ile huwekwa chini ya BS ikiwa na alama ya debiti pekee, kisha chini ya DR ikiwa na alama ya krediti pekee, na salio huenda panapostahili kwa kufuata upande wake. Ukiona tarakimu hasi katika BS, karibu hakika akaunti imewekwa chini ya BS kwa alama zote mbili.

Ugumu unaanza baada ya hapo, na unahitaji uangalifu. Kampuni yetu ina akaunti mbili za benki. Ya kwanza ina akaunti kuu 521100 yenye debiti 40, na akaunti ya kupitishia malipo, 521101, yenye krediti 52 za hundi na hawala zilizokwisha kutolewa lakini benki bado haijazilipa. Ya pili, 521200, ina debiti 75. Ukiweka alama za debiti na krediti kwa kila akaunti peke yake, BS itapata 115 na DR itapata 52. Hiyo si kweli: mizania imevimba pande zote mbili, kwa kuwa 521100 na 521101 ni nusu mbili za akaunti moja ya benki. Ukiyaunganisha yote matatu kuwa kundi moja ambalo jumla yake ndiyo inayoamua upande, BS itapata 63 na DR sifuri. Nayo si kweli, kwani ovadrafti ya benki ya kwanza imefichwa nyuma ya fedha za benki ya pili, na OHADA inakataza kufuta mali kwa deni namna hiyo.

Jibu sahihi ni kujenga tawi dogo kwa kila akaunti ya benki pamoja na akaunti zake za kupitishia, na kuliwekea tawi hilo uhamisho wa kundi kati ya BS na DR. Benki ya kwanza inatoa krediti 12 na kwenda DR. Ya pili inabaki BS na 75 zake. Njia zote tatu zinatoa tofauti ile ile ya 63, ndiyo maana ulinganisho wa jumla hauwezi kukuambia ipi ni sahihi. Njia ya kujua ni kuchukua taarifa ya usuluhishi wa kila akaunti ya benki ya tarehe 31 Desemba na kuilinganisha na tawi lake.

Kwa wateja, alama za debiti na krediti hazitoshi kabisa. Akaunti ya udhibiti ya 411 ina debiti 180, nayo ni salio moja. Ndani yake wamo wateja wanaodaiwa 215, na wamo wengine ambao wamelipa zaidi au wamepewa noti za krediti, ambao kinyume chake wanaidai kampuni 35. Mpangilio unaona 180 tu, kwa sababu unasoma akaunti ya leja na hausomi mteja mmoja mmoja. Fomu inataka 215 katika BI na 35 katika DI, mstari wa madeni kwa wateja.

Kazi hii hufanywa kwa `FAGLF101`, programu inayopitia kila mteja na kila msambazaji, kutambua wenye salio la upande usio wa kawaida, na kuandika hati ya kuwapanga upya. Kwa kuwa akaunti ya udhibiti haiandikiwi moja kwa moja, programu inahitaji akaunti za marekebisho. Tufungue 411900 na 419900. Tarehe 31 Desemba hati inadebiti 411900 kwa 35 na kukrediti 419900 kwa 35. Tarehe 1 Januari inabatilishwa yenyewe. Sasa BI, yenye 411 pamoja na 411900, inapata 215, na DI inapata 35. Kwa wasambazaji utaratibu ni ule ule, ila akaunti ya kupokea ni ya 409 na mistari ni DJ, wasambazaji upande wa madeni, na BH, wasambazaji upande wa mali.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kusahau kuziweka akaunti za marekebisho ndani ya mpangilio, au kuiweka 411900 chini ya BJ, madai mengine, kwa kuwa ni akaunti isiyo na mteja. Ukiona BI bado ni 180 baada ya kuendesha programu, tafuta huko. La pili ni kutoandika ubatilisho wa Januari, na dalili yake ni kwamba mizania ya mwezi Januari ina wateja zaidi kwa 35 kuliko orodha ya wateja ilivyo. Malipo ya awali yaliyoandikwa kwa kiashirio maalumu cha leja hayahusiki na haya yote, maana yenyewe tayari yanakaa katika akaunti yao ya 4191.

Dalili ya nne: pande zinalingana, lakini jumla kuu ni kubwa kuliko ya mkaguzi

BZ na DZ, jumla kuu za pande mbili za mizania, zinalingana, CJ inalingana na XI, hakuna tarakimu hasi popote, na bado mkaguzi wa hesabu ana jumla ndogo kwa 22. Kwa kawaida hii ni akaunti ya upungufu wa thamani iliyowekwa upande wa madeni kwa sababu tu ina krediti. Katika kampuni yetu ni 491, upungufu kwa wateja wasiotarajiwa kulipa, ambayo safu pana ya daraja la 4 iliisukuma kwenye madeni mengine, DM. Mali imebaki bila kupunguzwa, na madeni yamepata kitu kisicho deni.

Pitia akaunti zote zinazoanza na 28, 29, 39, 49 na 59 na uhakikishe kila moja iko upande wa mali, chini ya mstari wa kitu inachokipunguza. Lakini usifanye hivyo kwa safu moja pana, kwa kuwa 499 na 599 ni tengo kwa hatari za muda mfupi, na fomu inazitaka upande wa madeni katika mstari wa DN. Nashauri daraja la 4 lote liandikwe kwa akaunti za tarakimu tatu tatu za mwanzo bila safu inayovuka, ingawa orodha itakuwa ndefu.

Jambo hili linahusiana na safu wima za fomu. Upande wa mali una thamani ghafi, uchakavu na upungufu, kisha thamani halisi, wakati ripoti ya SAP inatoa safu moja ya mwaka huu na moja ya mwaka wa kulinganisha. Chini ya kila mstari wa mali, kwa mfano AM ya mitambo na samani, jenga matawi mawili madogo: moja la thamani ghafi lenye akaunti za 24, isipokuwa 245 ya vyombo vya usafiri ambayo ni ya AN, na moja la uchakavu na upungufu lenye akaunti za 284 na 294 kwa kufuata mgawanyo ule ule. Ripoti itayaonyesha moja chini ya jingine. Karatasi ya nje itayapanga ubavuni.

Dalili ya tano: safu ya mwaka uliopita hailingani na fomu iliyokwisha kuwasilishwa

Anza na vipindi. Marekebisho ya ukaguzi mara nyingi huandikwa katika vipindi maalumu vya 13 hadi 16, na ripoti iliyotolewa kwa vipindi vya 1 hadi 12 haiyaoni. Ikiwa vipindi ni sahihi, tazama kama kuna mtu aliyebadilisha mpangilio tangu wakati huo. Mpangilio wa SAP hauna tarehe ya kuanza wala ya kwisha, kwa hiyo akaunti iliyohamishwa mwezi Machi 2025 inahama pia katika tarakimu za 2023 kila ripoti inapotolewa upya. Nakili mpangilio mara tu fomu zinapowasilishwa, uipe nakala jina lenye mwaka, kama `CD23` au `CD24`, na uondoe ruhusa ya kuihariri. Ikiwa uhamisho wa akaunti ulikuwa wa lazima, toa safu ya mwaka uliopita kwa mipangilio yote miwili, ya zamani na mpya, na uweke tofauti za mstari kwa mstari katika maelezo ya taarifa za fedha.